Rangi za Jiko Dogo Malindi: Kuficha Madoa Bila Kulitia Giza

Jiko dogo likishachoka kwa moshi na mafuta, wenye nyumba hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoagiza nyeupe tupu, kwa kuwa nyeupe ndiyo usafi. Na wapo ambao nyeupe imeshawatesa, hao hununua kahawia iliyoiva au kijivu kizito ili uchafu usionekane. Mimi ni fundi wa rangi hapa Malindi na makundi yote mawili ni wateja wangu. Hata mwaka haujaisha, wananiita tena.

Nyeupe haina siri, hilo kila mtu analijua. Kinachowashangaza watu ni kwamba rangi nzito nayo haifichi. Vumbi la unga wa ngano huonekana juu yake, tone la tui lililokauka huonekana, chumvi inayotoka ukutani huonekana, na kila ukipitisha kitambaa kinaacha mchirizi mweupe. Juu ya hayo inameza mwanga, na majiko mengi ya mji huu yana kidirisha kimoja tu kinachotazama ukuta wa jirani.

Doa huonekana kwa sababu linatofautiana na ukuta uliolibeba. Basi kabla ya kuuliza rangi gani inapendeza, uliza madoa yako ni ya rangi gani. Ukuta ukifanana nayo kidogo, wa rangi ya jamaa moja ila mwepesi zaidi, doa dogo hupotea na chumba kikabaki na nuru. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo, pamoja na jingine moja: rangi ya kuficha iwekwe pale tu madoa yanapofika, kwingine kote kuachiwe kazi ya kurudisha mwanga.

Kwanza soma ukuta ulio nao

Nitaeleza kwa jiko moja la mtaa wa Maweni ili hesabu zieleweke. Chumba kina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.8, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.7. Mlango mmoja, dirisha moja la sentimita 90 kwa 90 ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita 1.2 juu ya sakafu. Slabu ya zege upande mmoja, jiko la gesi juu yake, na jiko la makaa kwenye kona karibu na mlango. Mwenyewe ni mama anayekaanga viazi karai na bajia za kuuza jioni. Aliniambia, "Fundi, mwanangu, hili jiko jeusi limenichosha. Lakini usinifanyie la hospitali." Nikamwambia, "Sawa mama, ila usifute kitu kwanza. Niache nitazame."

Ukuta usiofutwa hukueleza mengi. Nyuma ya jiko la gesi palikuwa na matone ya mafuta ya rangi ya asali, mazito usawa wa karai, yakipungua kadiri unavyopanda na kukoma karibu na mita 1.8. Pembeni mwa slabu palikuwa na manjano ya bizari na wekundu wa nyanya. Kando ya mlango na swichi, alama za mikono, kahawia yenye weusi kidogo. Juu ya kona ya makaa, masizi, na dari lote limepigwa ukungu wa moshi wa rangi ya chai. Chini kabisa, karibu na sakafu, unga mweupe wa chumvi umetokeza kwenye plasta, jambo la kawaida kwa nyumba zetu zilizo karibu na bahari, na zaidi pale mchanga wa kujengea ulipokuwa na chumvi.

Ukiyapanga, karibu yote ni ya upande wa joto: asali, manjano, nyekundu, kahawia. Jiko linalopika chakula cha Pwani huchafuka kwa rangi hizo. Ndiyo maana kijivu cha ubaridi na samawati iliyopauka, ambazo huvutia sana kwenye picha za simu, hazifai hapa. Tone la bizari juu ya samawati hung'aa kama taa, na mafuta juu ya kijivu cha ubaridi hugeuka uchafu wa kijani usioeleweka.

Rangi tatu, kila moja na mahali pake

Chini, kwenye dado, yaani ile sehemu ya chini ya ukuta, chukua rangi ya wastani yenye joto: mchanga mkavu, ufuta, au chai iliyotiwa maziwa mengi. Isiwe nzito. Kipimo changu ni kwamba ukiweka karatasi nyeupe juu yake uone tofauti mara moja, lakini ukifumba jicho nusu, ukuta bado uonekane mwepesi. Rangi ya udongo iliyopauka nayo inafaa, hasa kwa anayepika nyanya na pilipili kwa wingi, mradi iwe na maziwa ya kutosha ndani yake.

Juu ya dado weka krimu nyepesi ya jamaa ile ile. Wengi huweka nyeupe safi hapa, na matokeo yake dado ya chini inaonekana kama nyeupe iliyochafuka. Rangi mbili za jamaa moja husaidiana. Macho yakishazoea joto la dado, krimu ya juu huonekana nyeupe kabisa, na ile tabaka nyembamba ya moshi ambayo lazima itapanda baada ya miezi michache haiigeuzi sura.

Dari liwe jeupe, la rangi ya maji isiyong'aa. Hapo hakuna mkono unaofika, na mwanga wa dirishani hugonga dari kisha ukashuka chumbani. Usikubali kupakwa dari kwa rangi ya mafuta nyeupe. Mafundi wengine huipendekeza kwa kuwa inafutika, lakini rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano yenyewe mahali pasipopata mwanga wa kutosha, na jiko dogo ni mahali hapo hasa. Utafuta doa ambalo si doa.

Mstari wa kutenganisha uwe wapi? Usiuweke katikati ya ukuta, maana chumba kitaonekana kimekatwa na kufupishwa. Kule Maweni kizingiti cha dirisha kilitupa jibu: mita 1.2 kuzunguka chumba, hivyo mstari unakutana na dirisha bila kuvunjika, na unabaki sentimita 30 juu ya slabu. Nyuma ya jiko la gesi nikaipandisha rangi ya dado hadi mita 1.8, kwa upana wa mita moja, kwa sababu matone yenyewe ndiyo yaliyoonyesha yanafika hapo. Mwenye uwezo wa kuweka vigae kwenye sehemu hiyo ndogo tu, aweke, na achague vya rangi ya jamaa moja na dado.

Sasa mng'ao. Rangi ya maji isiyong'aa kabisa hunywa mafuta. Tone likiingia halitoki, linaacha kiraka cheusi chenye majimaji. Silki, yaani rangi ya maji yenye mng'ao wa wastani, huacha mafuta yakae juu hadi uyafute, nayo ndiyo ninayoipaka ukutani, dado na juu yake. Glosi ya mafuta hufutika vizuri zaidi, lakini kwenye nyumba yenye unyevu ukutani hujifunga kama plastiki, maji yakikosa pa kutokea yanaisukuma hadi inafura na kubanduka. Glosi iende kwenye mlango na fremu za mbao. Ubaya wa silki ni mmoja: mwanga wa pembeni huonyesha kila kibonge cha plasta. Dawa yake iko kwenye matayarisho.

Jaribu kabla ya kununua mkebe mkubwa

Usichague rangi kwenye kadi ya dukani. Nunua kiasi kidogo cha rangi mbili unazozifikiria, paka vipande viwili vya hadibodi vyenye upana wa kama sentimita 40, mikono miwili, yaani tabaka mbili, kila kimoja, uviache vikauke hadi kesho yake. Kisha viegemeze nyuma ya jiko, uvitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Taa ina usemi mkubwa. Balbu nyingi za siku hizi zina mwanga mweupe wa kibuluu, zimeandikwa 6500K kwenye boksi, na hizo hugeuza krimu kuwa ya kijani kama ya mgonjwa. Ukibadilisha balbu iwe ya 3000K au 4000K, rangi ile ile inarudi kuwa yenyewe. Ni nafuu kubadilisha balbu kuliko kupaka upya.

Tazama pia jirani. Kama dirisha lako linatazama ukuta wa kijani wa nyumba ya pili, mwanga unaoingia ni wa kijani, na krimu yenye manjano mengi itaonekana kama limau. Hapo chukua krimu iliyoegemea wekundu kidogo.

Kisha vichafue vile vipande makusudi. Tone la mafuta yaliyokwisha kukaangia, bizari iliyokorogwa na maji, nyanya ya kopo, chai ya rangi, na kidole kilichoshika makaa. Rudi nyuma hatua tatu. Kipande ambacho huoni doa hadi usogee ndicho chako. Baada ya saa moja vifute kwa kitambaa na maji ya sabuni, uone kipi kinaachilia.

Ukifika kwenye bizari usishtuke: ukiipaka sabuni au magadi hugeuka nyekundu ya damu. Wino wake hubadilika ukikutana na kitu cha aina ya magadi, na ukiipitishia ndimu au siki hurudi kuwa manjano. Basi doa la bizari ukutani liondoe kwanza kwa kitambaa chenye ndimu, ndipo ufute kwa maji. Kivuli kitakachobaki, jua likikifikia kitapauka chenyewe siku kwa siku.

Hesabu ya rangi

Mzunguko wa chumba cha Maweni ni mita 8.4. Dado ya mita 1.2, ukitoa mlango na kuongeza ile sehemu ya nyuma ya jiko, inakuja karibu mita za mraba 10. Ukuta wa juu, ukitoa dirisha na kipande cha mlango, ni kama 10 na nusu. Dari ni mita za mraba 4.3. Lita moja ya silki kwenye plasta iliyolainishwa hupaka karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwenye plasta yenye mikwaruzo hupungua hadi 7 au 8. Kwa mikono miwili basi, dado inataka lita 2, na ukuta wa juu lita 2 na kitu. Dari linatosheka na lita moja.

Nilinunua mkebe wa lita 4 wa krimu, mikebe mitatu ya lita moja kwa dado, lita moja nyeupe ya dari, na lita moja ya andakoti ya mafuta kwa ajili ya viraka vya madoa ya zamani. Ile mikebe mitatu ya dado niliimimina yote kwenye ndoo moja nikaikoroga pamoja kabla ya kuanza. Rangi ikichanganywa dukani kwa mashine, mkebe na mkebe huweza kutofautiana kidogo sana, na tofauti hiyo huionekani mpaka ikutane katikati ya ukuta.

Kuosha na kutengeneza ukuta

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanapofupisha. Rangi mpya juu ya mafuta hushika kwa muda, kisha unakuta inabanduka kwa vipande vikubwa, laini kwa nyuma, na nyuma yake pananata.

Anza na masizi yakiwa makavu. Yapanguse kwa ufagio laini au kitambaa kikavu ukishuka chini, bila kusugua, kwa sababu ukiyatia maji kwanza unatengeneza wino. Kisha osha kwa maji ya moto, sabuni ya unga na kijiko kikubwa cha magadi kwa ndoo, ukiwa umevaa glavu. Osha kutoka chini kupanda juu, maana maji machafu yakichuruzika juu ya ukuta mkavu huacha mistari migumu. Suuza kwa maji safi mara mbili, kwa sababu magadi yakibaki ukutani nayo huzuia rangi kushika. Ukuta ukikauka, unyunyizie maji kwa vidole. Yakitawanyika na kunywewa, ni safi. Yakijikusanya kuwa shanga na kuteleza, mafuta bado yapo, rudia.

Vidoa vyeusi karibu na dirisha vinaweza kuwa ukungu au masizi. Gusa kimoja kwa pamba yenye dawa ya kung'arishia nguo, ile ya maji. Kikipauka baada ya dakika chache ni ukungu, na sehemu yote ipakwe dawa hiyo iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu, iachwe robo saa, isuuzwe. Fungua dirisha, na usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya kuoshea, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Kisipopauka ni masizi, rudi kwenye sabuni.

Chumvi ya chini ya ukuta ni kisa kingine. Hiyo haioshwi, maana maji huiyeyusha ikarudi ndani ya plasta, na baada ya wiki inatoka tena. Ipigwe brashi ngumu ikiwa kavu, ikusanywe na kutupwa, na baada ya siku kadhaa ipigwe tena. Bandika kipande cha karatasi ya nailoni kwenye sehemu hiyo, pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta majimaji upande ulioelekea ukutani, unyevu unatoka ndani, na hakuna rangi itakayouzuia. Tafuta bomba linalovuja, au mtaro unaomwaga maji nje ya ukuta huo. Kule Maweni ilikuwa maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa nje palepale chini ya slabu. Tuliyaelekeza kwingine, tukasubiri ukuta ukauke. Na hii ni sababu nyingine ya kutopaka dado nzito: chumvi kidogo ikirudi, juu ya rangi ya mchanga haionekani.

Rangi ya zamani ijaribiwe kwa kiganja na kwa tepu. Pitisha kiganja, kikitoka na unga, ukuta upigwe msasa na kupanguswa hadi unga uishe, kisha upakwe mkono mmoja wa praima ya maji. Bandika tepu, ivute kwa ghafla. Ikija na rangi, kwangua kwa skrepa hadi ufike panaposhika. Glosi kuukuu huenda ikawa na risasi ndani yake, kwa hiyo isipigwe msasa mkavu ikatimua vumbi ndani ya chumba cha chakula. Tumia msasa wa maji, watoto wakiwa mbali, na vumbi la tope lifutwe kwa kitambaa cha kutupa.

Mashimo na nyufa zijazwe fila kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Halafu zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na ukuta mwanga ukimbie juu yake. Kila kibonge kitatupa kivuli. Piga msasa hapo, na usiache mpaka vivuli viishe, kwa sababu hicho ndicho silki itakachokuonyesha kila asubuhi.

Mwisho wa matayarisho, yale madoa ya asali yaliyokwisha kuzama ndani ya plasta yapakwe andakoti ya mafuta, yenyewe tu. Rangi ya maji ikiwekwa moja kwa moja juu yake, doa huelea na kutokea juu likiwa manjano, hata ukipaka mara nne. Andakoti ikauke usiku kucha, ipigwe msasa mwepesi.

Kama jiko ni jipya na plasta ni ya juzi, weka mikono mfukoni kwa wiki nne angalau. Saruji mbichi ina ukali unaokula rangi ya mafuta na kupausha rangi za maji kwa mabaka.

Kupaka

Msimu mzuri ni kaskazi, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, hewa ikiwa kavu kidogo na upepo unapita. Mvua za masika zikishaanza, hasa Mei, rangi ya maji inaweza kukaa siku nzima haijashikana. Siku ya kupaka jiko lihamie nje, hata chai isichemshwe ndani.

Dari huja kwanza, kisha krimu ya juu mikono miwili, kisha dado. Kona na pembeni mwa dari zikatwe kwa brashi, na rola ifuate mara hiyo hiyo kabla ya brashi kukauka. Ukikata chumba kizima kwanza ndipo urudi na rola, utaona fremu nyeusi kuzunguka kila ukuta. Mkono wa kwanza uongezewe maji kidogo, si zaidi ya kikombe kimoja cha chai kwa lita 4. Subiri muda wa saa nne kati ya mkono na mkono, na siku ya unyevu subiri hadi kesho.

Mstari wa dado usipimwe kutoka sakafuni, maana sakafu zetu zinamwagiwa maji na zimejengwa zikiinama kuelekea mlangoni. Tumia mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga: maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja, weka alama kila kona, unganisha kwa uzi wa chokaa. Bandika tepu ya karatasi juu ya alama. Kisha fanya hivi, na ndiyo siri ya mstari ulionyooka: pitisha krimu ile ya juu kwenye ukingo wa chini wa tepu, iache ikauke. Itakayopenya chini ya tepu ni krimu juu ya krimu, haionekani, na njia imezibwa. Sasa paka dado mikono miwili, mitatu nyuma ya jiko, na mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi vuta tepu taratibu ukiikunja kujielekea.

Siku ya pili ukuta utakuwa mkavu kwa kuugusa lakini bado laini ndani. Upikaji urudi polepole, na kusugua kusubiri wiki tatu au nne. Mafuta yakiruka kabla ya hapo, yagandamize kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu bila kusugua.

Katika wiki hizo unaweza kuona michirizi ya kahawia, ya kunata, ikishuka kutoka juu baada ya kuchemsha wali. Yule mama alinipigia simu, "Fundi, ukuta umeanza kutoa asali." Si mafuta, na si kazi mbaya. Ni viungo vya sabuni vilivyomo ndani ya rangi ya maji yenyewe, mvuke ukivikuta havijatulia huvivuta nje. Vifute kwa maji matupu, vikirudi vifute tena, baadaye huisha vyenyewe. Michirizi ikitokea mahali pamoja tu, na ikawa na mafuta kidoleni, hapo ni doa la zamani lililokosa andakoti.

Kwa nyumba za mawe za Lamu

Haya yote ni ya plasta ya saruji. Mwenye jiko kwenye nyumba kongwe ya Lamu, ya mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa, asipake silki. Ukuta huo hupumua. Unyevu unapanda na kutoka kupitia usoni pake, na rangi ya plastiki ikiuziba, chumvi hujikusanya nyuma na kuisukuma plasta yenyewe ianguke. Paka chokaa, tabaka nyembamba nne au tano, ukuta ukiwa umelowanishwa kila mara. Chini tia ndani ya chokaa udongo wa njano kidogo kwa kipimo kile kile kila ndoo, juu iache nyeupe yake, ambayo haina ukali wa nyeupe ya mkebe. Chokaa haifutiki kama silki, lakini doa lake huondoka kwa kupitishiwa mkono mpya, na gharama ni ndogo. Jihadhari tu na bizari, kwa kuwa juu ya chokaa mbichi tone lake hugeuka jekundu bila hata ya sabuni.

Viraka vya baadaye

Ile lita ya tatu ya dado haikuisha. Imimine kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, ijae hadi karibu na juu ili hewa isiwe nyingi, andika tarehe na jina la rangi kama lilivyo kwenye karatasi ya duka. Kiraka kwenye silki hakifichiki ukikipaka kwa brashi katikati ya ukuta. Mng'ao wake mpya huonekana kama sarafu. Osha upande huo, kisha paka kutoka kona hadi kona, kutoka sakafuni hadi kwenye mstari. Kwa dado ya mita 1.2 ni kazi ya nusu saa. Sehemu ya nyuma ya jiko ndiyo itakayohitaji hivyo mara nyingi zaidi, na kwa kuwa inasimama peke yake juu ya mstari, hiyo ya juu unaipaka yenyewe bila kugusa ukuta mwingine.